Intaneti Yenye I Mwishoni

Ulikuwa ule mwaka tuliokula makande bila maharage. Mvua zilinyesha zikapitiliza, maharage yakaozea shambani yakiwa bado kwenye maganda, na huku Vudee, milimani Upare, tukabaki kuchemsha mahindi matupu na kuyasindikiza na magimbi. Asubuhi magimbi, mchana mahindi, jioni magimbi tena. Wajukuu zangu waliokuwa likizoni walirudi mjini wamekonda.

Mvua hizo hizo ndizo zilizokata barabara. Kipande cha mlima kilishuka na migomba yake, kikalala katikati ya njia ya kwenda Same, na tingatinga halikufika mpaka wiki ya pili. Siku ya tatu baada ya barabara kukatika, dada yangu akafa Songea.

Tulizaliwa sita, tukabaki wawili, mimi na yeye. Binti yake alinipigia kabla hata ng'ombe hawajakamuliwa, akaniambia, halafu tukalia kila mmoja kwa upande wake. Akasema mazishi ni kesho. Mwili hauwezi kusubiri barabara ya Upare, na mimi na magoti yangu siwezi kuruka maporomoko. Hilo nilielewa. Akasema, "Mama mdogo, una simu mpya. Saa nane kabla hatujafunga jeneza nitakupigia ya video. Nitaishika simu pale usoni kwake, umuage mwenyewe, na mimi nitasogea pembeni."

Nikaona ni jambo linalowezekana. Nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia dada, ya Kipare, ya sisi wawili tu. Nilitaka kumwambia kabla hajafunikwa. Basi. Sikuhitaji zaidi ya hapo.

Simu kweli nilikuwa nayo. Niliinunua mwenyewe Same, wiki moja kabla ya barabara kukatika, kwenye duka la mama mmoja wa Kiislamu karibu na stendi, mama mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Simu ya kupangusa, imetoka nje ya nchi, kioo kinang'aa kama sufuria mpya. Alinihamishia laini yangu kutoka kwenye kitochi, kile kisimu changu cha zamani cha vitufe, akaniwekea lugha ya Kiswahili, akaniwekea na ule mtandao wa kupigiana video. Tukajaribu palepale. Mjukuu wangu wa Arusha akatokea anapiga mswaki. Watu dukani walicheka, nami niliondoka kifua mbele.

Kumbe pale dukani simu ilikuwa inakula intaneti ya dukani, ile ya hewani isiyotumia laini. Hilo sikulijua. Siku zote hizo niliitumia kupiga na kupokea simu za kawaida, na kuwaonyesha wanawake wa kwaya jinsi inavyowaka.

Siku ya mazishi, saa nne asubuhi, nikasema nijaribu kwanza. Nikampigia mjukuu wa Arusha kwa video. Kimya. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu maandishi: hakuna muunganisho. Nikapiga simu ya kawaida, ikaenda vizuri. Nikaangalia salio la bando, lipo, sijaligusa. Data nimewasha. Vijiti vya mtandao vimesimama vyote. Nikaizima simu nikaiwasha. Kimya kilekile.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ndiye ninayeishi naye. Alikuwa anamenya magimbi mlangoni. Akaniangalia nikizunguka uani nimeinyanyua simu juu.

"Hiyo unaitafutia mtandao au unamwonyesha Mungu?"

Nilichukua kitochi chake nikampigia yule mama wa Same. Hakushtuka hata kidogo. Alisema simu zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine wakati mwingine hazitambui laini zetu upande wa intaneti. Kupiga zinapiga, lakini hazijui zipitie mlango gani kuingia mtandaoni. Mlango huo una jina, na jina lenyewe linaandikwa kwa mkono kwenye sehemu inayoitwa APN. Angekuwa nayo mkononi, alisema, ni kazi ya dakika mbili.

Dakika mbili. Na kati yetu kulikuwa na nusu ya mlima.

Akasema tutaifanya hivyo hivyo kwa mdomo. Wifi akashika kitochi chake karibu na sikio langu, sauti imefunguliwa, mimi nikashika simu yangu kwa mikono miwili. Ingia Mipangilio. Nikaingia. Tafuta panapoandikwa Mtandao na intaneti. Nikapaona. Bonyeza laini yako, shuka chini kabisa mpaka uone APN. Hapo tulikaa, maana kidole changu kina sugu na kioo hakikisikii. Nikishuka kinapanda, nikipanda kinafungua kitu kingine. Wifi akanipangusa kidole kwa kanga yake kama mtoto. Tukafika. Ukurasa ulikuwa mtupu. Mama wa Same akasema ndiyo hivyo, haijui mlango hata mmoja, bonyeza alama ya kujumlisha hapo juu.

Ikafunguka fomu ndefu. Jina. APN. Proksi. Mlango. Jina la mtumiaji. Nenosiri. Kila pahali pameandikwa Haijawekwa, Haijawekwa, kama daftari la mtoro.

"Pale kwenye Jina andika unachotaka, bibi. Hapana kazi. Hata jina lako."

Nikaandika jina langu, lote, na la baba yangu. Wifi akacheka mpaka kitochi kikatetemeka.

"Sasa APN. Hapo ndipo penyewe. Andika intaneti. Herufi ndogo, usiache nafasi. Kwingine kote acha kama kulivyo."

Nikaandika. Mimi nilifika darasa la nne, lakini darasa la nne la wakati wetu, la kupigwa fimbo ukikosea silabi. Kuandika najua. Niliandika taratibu, nikahakiki.

"Umeandikaje?"

"Intaneti."

"Sawasawa. Bonyeza vidoti vitatu, Hifadhi. Halafu rudi nyuma, gusa kiduara kilicho mbele ya jina lako kiwe na alama."

Nikahifadhi, nikagusa. Zima data, washa data. Nikampigia mjukuu. Hakuna muunganisho.

Mama wa Same akasema zima simu yote uwashe. Nikafanya. Hakuna. Akaniuliza kama kiduara kina alama. Kina. Akaniuliza tena kama nimeandika intaneti. Nikamwambia nimeandika intaneti, na sauti yangu ilianza kupanda. Akasema labda laini haijakaa vizuri. Nikaitoa laini kwa pini ya kitambaa cha kichwa, nikaifuta, nikairudisha. Hakuna. Akasema futa yote, tuanze upya. Nikafuta, nikaanza upya, jina langu, la baba yangu, intaneti. Nikahifadhi. Hakuna. Wateja walikuwa wamejaa dukani kwake, akasema atanipigia. Saa ilikuwa imefika sita.

Nikapiga huduma kwa wateja. Sauti ya kike ikaniambia nibonyeze moja, nikabonyeza moja, ikaniambia nibonyeze tisa, halafu ikaniwekea muziki. Dada yangu amelala kwenye sanduku Songea na mimi nachezewa muziki.

Wifi akaacha kunicheka. Akasema, twende kwa mwalimu pale juu, ana simu nzuri, mpe binti namba yake apigie huko. Ni mwendo wa nusu saa, kwa magoti yangu saa nzima. Tungefika. Nalisema leo wazi: tungefika. Lakini yule mwalimu nilikuwa nimemwonyesha simu yangu Jumapili, nikamwambia ya kwake imepitwa na wakati, mbele za watu. Nikamjibu wifi kwamba simu ninayo, siendi kuomba ya mtu. Akaniangalia, akarudi kwenye magimbi yake. Nikakaa pale kwenye kigoda na kioo changu king'aacho, sina la kufanya isipokuwa kuwasha na kuzima.

Saa nane kasorobo binti akapiga ya kawaida. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba. Akasema padri ameshafika, na yeye binti anajaribu kunipata kwa video hanipati. Nikamwambia wasubiri kidogo. Akasema atawaomba. Nilimsikia akiwaomba.

Mara kitochi cha wifi kikalia. Mama wa Same. Alikuwa amefunga mlango wa duka, alisema, kwa ajili yangu.

"Shikamoo tena, bibi. Hebu fungua pale pa APN. Nisomee ulichoandika, herufi moja moja."

Nikasoma kama nilivyofundishwa. "I. N. Ta. Ne. Ti."

Nikamsikia akizirudia kwa kunong'ona. Halafu akasema polepole, "Bibi, hiyo ni intaneti ya Kiswahili."

"Kwa hiyo nilitakiwa niandike ya nani? Simu yenyewe imeandika hivi. Mtandao na intaneti. Nimeifuata herufi kwa herufi."

Akasema ni kosa lake, si langu. Mlango unaitwa kwa Kiingereza, na ukikosea herufi moja haufunguki. Akanitajia: i, n, t, halafu e, halafu r, halafu n, e, t. Mwisho hapo. Hakuna a. Hakuna i mwishoni.

Asubuhi nzima tulikuwa tunaambiana neno lilelile na kuitikiana sawasawa, na mdomoni halina tofauti.

Nikafuta. Nikaandika, r ikakataa, ikaja t, nikafuta tena. Hifadhi. Kiduara. Zima data, washa. Na hapo juu, pembeni ya vile vijiti, ikatokea alama ya 4G ambayo sikuwahi kuiona. Simu ikaanza kupiga kelele kama kuku waliofunguliwa: picha na salamu za siku zote zile, na pole za tangu jana.

Nikampigia binti kwa video. Akapokea. Niliona miavuli, migongo ya watu, udongo mwekundu, na sanduku limefunikwa kitambaa cheupe, linabebwa linapita. Saa ilikuwa nane na nusu.

"Mama mdogo, wamekataa kusubiri," alisema, na uso wake ulikuwa umevimba. "Tumeshafunga. Lakini nimemrekodi. Uso wake wote, ametulia kabisa. Nakutumia sasa hivi, utamuaga."

"Mimi siagi picha," nikamwambia.

Akadhani sijasikia, maana mvua ilikuwa inanyesha huko pia. Akaituma. Ikaingia, imefifia kama iliyofunikwa na moshi, na mshale mdogo katikati wa kubonyeza. Wifi alikuwa amekuja nyuma yangu, amefuta mikono, amejifunga kanga vizuri kama mtu anayeingia kanisani. Akasema nibonyeze, nimwone tu dada yangu, kesho nitajuta.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia mtu, naye awepo, hata kama hasikii. Pale palikuwa na mshale. Ukibonyeza anatokea, ukibonyeza anasimama, na wakati ule ule yeye mwenyewe anashushwa shimoni Songea.

Wifi akanyoosha kidole abonyeze yeye. Nikaushika mkono wake.

"Mimi siagi picha."