Ruhusa ya Kuweka Nondo

Mpaka leo nikiona dirisha lenye nondo nasikia hasira. Nilikuwa mwalimu mpya Bariadi, enzi za Ujamaa, nimepanga chumba kwa mzee mmoja mwenye duka. Dirisha lilikuwa la mbao tupu: nikilifunga nakosa hewa, nikilifungua nawakaribisha mbu na wezi. Nikamwomba mzee aniruhusu niweke nondo na wavu kwa pesa yangu, na nikihama nimwachie.

Wavu alikubali hapo hapo. Nondo zilimtisha. Siku zile wenye maduka walikuwa wakisakwa kwa kuficha sukari, na watu wakiona nondo, alisema, watauliza ameficha nini humo.

"Mwalimu, balozi akikubali, mimi sina neno."

Balozi wa nyumba kumi akaja kuona mali ninayotaka kuilinda. Alifungua sanduku langu, akahesabu kanga zangu, akachungulia mpaka uvunguni. Kisha akaketi kitandani pangu, akawasha redio yangu na kusikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Aliponyanyuka alisema mjamaa hana haja ya nondo, wavu unatosha.

Fundi akapigilia wavu. Mwezi haujaisha, nimekwenda kisimani na kuacha dirisha wazi, mtu akauchana kwa kisu, redio ikaondoka. Nikaenda kwa balozi kutoa taarifa, kama utaratibu ulivyotaka. Alifungua daftari lake, akaniuliza nina ushahidi gani kwamba niliwahi kuwa na redio.