Ukurasa wa Tatu

Maryann alikuja Riyadh kupika chai na kufuta meza katika ofisi ya kampuni ya wahandisi yenye makao makuu London. Diploma yake ya ukarani ilikaa chini kabisa ndani ya sanduku lake la nguo. Miaka sita baadaye meza mojawapo ikawa yake. Alikuwa karani wa ajira sasa, na maombi yote ya kazi, ya Riyadh na ya Jeddah, yalipitia mikononi mwake. Alikuwa akiringa nayo kidogo, na nani angemlaumu? Kila ombi alilichapisha, akalibana kwa stepla kona ya kushoto, akalipeleka kwa wasaili bila mkunjo hata mmoja.

Jumapili moja asubuhi, siku ya kwanza ya kazi huko, ikaingia barua kutoka kwa Badriya Soud wa Al-Mahjar, Jeddah, aliyeomba kazi ya kutunza nyaraka za miradi.

"Ukurasa wa tatu wa fomu yenu unauliza asili na kabila langu, kisha unasema si lazima kujibu," aliandika. "Kama si lazima, mnauliza ya nini? Nimezaliwa Jeddah, wazee wangu walitoka Unguja. Tangu darasa la kwanza naulizwa mimi wa wapi, na kila jibu limewahi kunifungia mlango fulani. Ukurasa huo nimeuacha mtupu. Je, atakayenisaili ataona kwamba nimeuacha mtupu?"

Maryann alilisoma swali la mwisho mara mbili. Jibu alikuwa nalo. Ataona. Ukurasa wa tatu ulikuwa umebanwa pale pale pamoja na mingine.

Akafungua mwongozo wa London, ambao kwa kweli hakuwahi kuusoma hadi mwisho. Ukurasa ule ulitakiwa kutengwa siku fomu inapofika. Hauna jina, una namba tu. London walihesabu ni watu wa asili gani wanaoomba kazi na wangapi kati yao wanaitwa, ili kama kuna kundi linaloanguka kila mara hatua ile ile, kampuni ijichunguze inavyochagua watu. Wasaili hawapaswi kuuona kabisa. Na yeye kwa miaka miwili, tangu apewe meza ile, alikuwa akiwapelekea, nadhifu, wenye pini. Alijionea aibu kwelikweli.

Laban, Mkenya mwenzake wa meza ya pili, alipoelezwa akamrahisishia mambo. "Mwambie tu information yake ni siri, basi, close hiyo story. Ukijichoma utapigwa exit, urudishwe nyumbani. Ikama yako si iko kwa hawa hawa?"

Laban hakuwa mwongo. Ada za shule ya mwana wa Maryann kule Nakuru zilitegemea ikama hiyo, kibali chake cha kuishi na kufanya kazi Saudia. Maryann aliandika jibu la kumhakikishia Badriya siri na heshima, likapendeza, akalifuta. Kisha akabeba mafaili arobaini na moja yaliyokuwa yakisubiri usaili hadi kwa Madam Nada, mkuu wa ajira.

"Madam, nimekosea," alisema, akamweleza yote.

Nada alifunua faili moja, la pili, la tatu. "Nani alikufundisha kuyabana yote?"

"Nilikuta yanafanywa hivyo, madam. Sikuuliza."

"Na mimi nimeyasaini bila kuuliza." Akasukuma kahawa yake pembeni. "Yalla. Lete kile cha kung'olea pini."

Hadi adhuhuri wawili hao walikuwa wamezama kwenye pini, madam na aliyekuwa mpika chai. Nada akaiandikia London kosa lilivyokuwa, akawaondoa wasaili waliokwisha kuziona kurasa zile, akaweka wengine. Maryann akamjibu Badriya, akitia jina lake mwenyewe chini ya barua: ukurasa ni wa nini, kuuacha mtupu hakumpunguzii mtu chochote, na kwamba siku alipouliza, wasaili wangeuona. "Kosa ni langu," aliandika. "Barua yako imelirekebisha kwa watu arobaini na mmoja."

Wiki tatu baadaye Badriya alisailiwa Jeddah na watu ambao hawakuuona ukurasa wa tatu, walioona tu kwamba alijua kazi. Akaipata. Naye Maryann hakupigwa exit yoyote. London walimpa kazi ya kuwafundisha makarani wa ofisi nyingine jinsi ya kuutenga ukurasa wa tatu, na Laban, bila haya, akajiandikisha katika darasa lake la kwanza.

Badriya alipokuja Riyadh kwa mafunzo, alienda moja kwa moja kwenye meza ya Maryann.

"Dada, waajiriwa nao wana ule ukurasa?"

"Wako nao. Lakini si lazima, unajua."

"Najua. Nipe."

Akaujaza wote akiwa amesimama, akauingiza kwenye bahasha ya London, akailamba na kuifunga. "Hutaki kuona nilichoandika?" aliuliza, akicheka.

"Halas, hiyo si yangu," alisema Maryann, naye akicheka, akaitumbukiza bahasha kwenye tundu la sanduku lililofungwa kufuli. Hadi leo hajui kilichoandikwa mle, na hakuna kitu anachojivunia kama kutojua huko.