Bi Mistari na Goti la Binti Yangu

Chumba cha eksirei kilikuwa mwisho wa korido, ukishapita dirisha la dawa, na aliyekitawala tulimwita Bi Mistari. Wauguzi ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa hakuiachia picha ya mtoto mpaka aiwekee rula. Alikaa humo miaka ishirini na sita. Alianza akiwa msichana wa kuosha picha gizani kwenye dawa, na ngozi ya vidole vyake ilibaki imekauka kama msasa. Alivaa raba za kiume, hakuzoeana na mtu, na alikuwa na namna yake ya kusema "ahaa" iliyomfanya mtu mzima mwenye koti jeupe ajikague vifungo.

Nilimjua kwa sababu ya binti yangu wa miaka minane. Aliruka kutoka kwenye ukuta wa shule, mguu ukatangulia vibaya, goti likafura. Tabibu wa mifupa, kijana mwenye kalamu nne mfukoni na zote zinaandika rangi moja, aliitazama picha akatuambia ufa umepita kwenye sehemu ya kukulia, ile gegedu laini iliyo mwisho wa mfupa wa paja, karibu na goti, kisha ukakata kona na kupanda kwenye mfupa mgumu wa juu.

"Aina ya pili," alisema, kama mtu anayetangaza mshindi.

Ukutani kwake palikuwa na karatasi yenye michoro mitano. Ya kwanza, ufa unapita kwenye gegedu peke yake. Ya pili, unapanda juu kama kwetu. Ya tatu, unashuka hadi ndani ya kiungo. Ya nne, unakata vyote, juu mpaka chini. Ya tano, gegedu imepondwa na picha ya siku ya kwanza inaweza isioneshe kitu. Tabibu alizijua namba zile kama mtoto anavyojua jedwali la kuzidisha, yaani kwa wimbo.

Mifupa haikuwa imeachana sana, wakamfunga plasta kutoka kwenye paja hadi vidoleni. Wiki ya kwanza alipigwa picha kuona kama haijahama. Wiki ya sita plasta ikakatwa, picha ikapigwa, ufa umeunga. Tabibu akaandika kwenye kadi neno "amemaliza", akaligonga muhuri, akaupulizia wino ukauke. Sijui alifikiri amemtoa mtoto jela.

Tulikuwa tunatoka nilipoona Bi Mistari amesimama mlangoni, akainyakua ile kadi mkononi mwangu, akaishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa.

"Nani kamaliza?" aliniuliza.

"Tabibu kasema imeunga, bibi."

"Imeunga. Kuunga nani kauliza. Inakua?"

Akaenda nayo chumbani kwa tabibu, nami nikafuata kwa sababu kadi ilikuwa yangu.

"Aina ya pili hatari yake ni ndogo," tabibu alisema bila kuinua uso. "Ipo hapo ukutani."

"Aina ya pili ya kifundo cha mkono, ndiyo, ndogo. Hili ni goti. Mwisho wa paja ndio unaoleta karibu robo tatu ya kurefuka kwa mfupa ule, na ukivunjika hapo, hata hiyo aina yako ya pili, watoto wengi hukwama kukua. Umesoma namba, hukusoma mahali."

"Bi mkubwa, wewe ni mpiga picha. Si daktari."

"Ndiyo maana nimeitazama picha."

Tabibu alifungua droo, akaifunga. Alikataa kuandika karatasi ya picha nyingine, na bila karatasi Bi Mistari hakumpiga mtu picha hata awe mjukuu wake. Hilo alilishika kwa ukali mpaka wengine walimchukia. Alinivuta koridoni.

"Alhamisi anakuja daktari bingwa. Njoo mapema, usijipake manukato, anapiga chafya. Mwambie unataka picha za magoti yote mawili kwa pamoja, mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili tangu alipovunjika, halafu kila miezi sita mpaka mtoto aache kurefuka. Usiseme nimekutuma. Atajua tu."

Bingwa alisaini karatasi tatu za kwanza bila hata kuuliza, akatabasamu kidogo upande wa mlango wa eksirei.

Nyumbani ndiko nilikokutana na madaktari wa kweli. Wifi yangu, ambaye hajawahi kuvunjika hata ukucha, alisema namchoma mtoto kwa mionzi.

"Mtoto anaruka kamba, wewe unamtafutia ugonjwa," alisema. "Unapenda korido za hospitali, shemeji zako watasema nini?"

"Watasema mguu uko sawa au hauko sawa."

"Macho hayaoni uko sawa?"

Kweli macho yaliona uko sawa. Usiku nilipomfunika nilimpima kwa viganja, mguu huu na huu, akacheka kwa kutekenywa. Nilichotaka kilikuwa kimoja, asije akatembea maisha yake yote akiinama upande mmoja kwa sababu mimi niliona aibu kusumbua watu.

Mwezi wa tatu picha haikuonesha kitu cha kusemea. Tabibu alisimama mlangoni akaguna kwa furaha. Bi Mistari alimwambia aondoke kwenye mwanga.

Mwezi wa sita alizitundika picha mbili kwenye kisanduku chenye taa, akaniita. Ndani ya mfupa, juu ya gegedu, kulikuwa na ufito mweupe mwembamba.

"Ufito huo, mfupa uliuweka siku ulipoumia," alisema. "Ukisimama kukua kwa muda, unaacha alama. Ukianza tena, alama inaachwa nyuma. Ikienda sambamba na gegedu, mfupa unakua wote. Tazama goti zima halafu tazama hili."

Aliweka rula. Upande wa nje wa goti bovu ufito ulikuwa umeachana na gegedu. Upande wa ndani ulikuwa umeinama, karibu kuigusa.

"Hapa umeota mfupa mgumu kuvuka gegedu, kama daraja. Unakamata upande wa ndani, wa nje unaendelea. Ukiachwa, mguu utapinda na kubaki mfupi."

Nilichungulia mlangoni. Binti yangu alikuwa nje anahesabu vigae.

Bingwa alitupeleka kwenye picha ya sumaku, ile wanayoiita MRI, ikapima daraja lile: kama sehemu moja ya tano ya gegedu. Akanieleza polepole kwamba likiwa chini ya nusu, na mtoto akiwa bado na zaidi ya miaka miwili ya kukua, linaweza kutolewa na shimo likajazwa mafuta ya mwili wake ili mfupa usiunge tena. Binti yangu alikuwa na miaka mingi mbele. Lingechelewa kuonekana, kazi ingekuwa nyingine, labda kuuzuia hata mguu ule mwingine ulio mzima usiendelee kukua, ili ilingane.

Siku ya upasuaji tabibu alipita kwenye benchi letu na mwanafunzi mmoja.

"Huyu tulimgundua mapema," alimwambia, "kwa sababu tulipanga picha."

Bi Mistari alikuwa anapita na trei ya bahasha. Hakusimama.

"Tulipanga," alisema. "Ahaa."

Tabibu alijikagua kifuani.

Miezi sita baada ya upasuaji ufito mpya ulionekana, na rula ilisema umbali wa ndani na wa nje ni sawa. Bi Mistari alipima mara tatu. Nilingoja anipe pongezi. Alinipa karatasi ya picha inayofuata, tayari ina saini ya bingwa.

"Usishangilie, daraja huweza kurudi. Miezi sita tena. Na mvalishe suruali yenye lastiki, mwenzio nachoka kusubiri vifungo."

Binti yangu aliivaa yenye vifungo mwenyewe, amesimama kwa mguu mmoja, ule uliovunjika.