Onyesho la Tatu, Wanawake Wenye Kuni

Koleta ni karani wa parokia huko upande wa Mnero, na kwa miaka kumi na tisa amepiga chapa kila kitu ambacho parokia inaweza kukihitaji: matangazo ya ndoa, ratiba za misa, barua za kuomba mabati. Mtu akimwambia jambo haliwezekani, huvua miwani, huifuta kwa kitenge, kisha hulifanya. Mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na mmoja, ameongeza kazi nyingine ambayo hakuisomea. Anaandika maelezo ya video.

Ilianza kwa Padre Saturnini kutaka video fupi ya kuwakumbusha waumini sala ya alfajiri, itumwe kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya kila siku saa kumi na moja na nusu. Iwe tulivu, alisema, mtu asishtuke akadhani kuna msiba. Na asionekane muumini hata mmoja. Hilo alilikazia, kwa sababu Krismasi iliyopita walirekodi kwaya, mama mmoja wa sauti ya pili akakuta ameonekana sekunde tatu huku mwenzake akionekana sekunde kumi, na kanisa zima likakosa sauti ya pili kwa miezi miwili. Kwa hiyo zitumike picha za bure za mtandaoni tu, za watu wasiojulikana ambao hawawezi kuja kununa ofisini.

Koleta alikubali haraka mno kwa mtu mwenye kazi nyingi, na sababu yake hakumwambia padre. Alikuwa anamfikiria baba yake.

Mzee Eustakio alikuwa katekista. Kwa miaka thelathini alizunguka nyumba hadi nyumba kabla ya mapambazuko, akigonga milango na kuanzisha sala, na watu wakamwitikia wakiwa bado wanatafuta kandambili. Kisha kiharusi kikamchukua mguu wa kulia. Ulimi ulirudi, mguu haukurudi, na kitu cha tatu kikaondoka bila daktari kukigundua: mzee aliacha kusali asubuhi. Alilala akiutazama ukuta mpaka uji uletwe. Akiulizwa, alisema amechoka. Koleta aliumia kuliko alivyoumia siku ya kiharusi chenyewe. Alitaka kuisikia sala ile tena ndani ya nyumba yao, basi.

Akaingia kazini. Kwenye tovuti za picha za bure aligundua mapema kwamba safu ya juu kabisa, ile inayovutia, ni matangazo ya picha za kulipia, zenye chapa ya kampuni katikati. Akajifunza kushuka chini. Akajifunza kusoma leseni ya kila klipu, kutafuta kwa Kiingereza, na kuandika “polepole” na “ukungu” badala ya “jua” peke yake, maana jua peke yake lilimletea fukwe za wazungu. Kila onyesho aliliandika kwenye karatasi yake: kinachoonekana, sekunde ngapi, maneno gani yapite juu yake, na kiungo cha klipu. Karatasi ikaenda kwa Dickson, kijana wa studio mjini Ruangwa anayepiga picha za pasipoti na kuunganisha video za harusi.

“Dada Koleta, umeua,” Dickson alisema kwenye simu. “Ila tupate zilizosimama wima, watu wanatazama kwenye simu. Maandishi yakae katikati, juu na chini yanafichwa. Na nitaibana isizidi megabaiti kumi na sita, bando la watu lisilie.”

Video ikarudi, sekunde arobaini na tano. Onyesho la kwanza, jua kubwa likichomoza. La pili, umande kwenye jani. La tatu, ambalo Koleta alilipenda kupita yote, wanawake wanne wakitembea kwenye njia ya vumbi, kuni kichwani, mwanga wa dhahabu nyuma yao. Klipu yenyewe ilikuwa na jina la Kiingereza lenye maana ya macheo kijijini Afrika. Muziki mwepesi wa bure ukipita chini. Padre akasema ni nzuri sana. Koleta akaibeba nyumbani kama sahani ya moto.

Mzee aliitazama mara moja. Akaomba arudishiwe pale katikati.

“Hawa wanatoka wapi?”

“Shambani, baba.”

“Na kuni?”

Koleta akainama, akaisogelea simu.

“Mama, wewe umebeba kuni nyumba hii hii,” mzee alisema. “Uliwahi kurudi nazo alfajiri? Hiyo ni jioni. Watu wanarudi kupika.”

Aibu ilimpanda Koleta mpaka masikioni. Aliitazama tena, na kweli, hatua zile zilikuwa za watu waliochoka. Yeye aliyebeba kuni utoto wake wote alikuwa ameamini jina la klipu. Na padre aliamini, na Dickson, na kesho yake kundi zima lingekumbushwa sala ya asubuhi kwa picha ya saa kumi na mbili jioni. Kina mama wa Mnero wangecheka mpaka Kwaresima.

“Basi nitaifuta yote,” alisema, na alimaanisha.

“Kwa nini uifute?” Mzee alijiinua kwa kiwiko, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi. “Umekosea kuanza na jua. Jua likitoka, mtu yuko mstari wa tatu wa mihogo, utamkumbusha nini? Mimi nilikuwa natoka nikiweza kuhesabu vidole vyangu. Andika.”

Koleta akachukua kalamu. Mzee akaanza kusema, na akasema kwa muda mrefu kuliko alivyosema tangu augue. Kwanza bluu, ile bluu ambayo bado ni usiku ila si usiku. Kisha moshi, maana kuna anayewahi kuwasha moto kuliko wote. Kisha mkono wa mtu. Kisha njia yenye ukungu, tupu. Jua mwisho kabisa, dogo, na neno moja tu: Tusali.

Koleta alitafuta siku mbili. Moshi aliupata, ukitoka kwenye paa la nyasi. Mkono aliupata, wa mzee asiyejulikana wa nchi asiyoijua, ukifunguka taratibu kwenye mwanga hafifu. Na safari hii alikagua kila klipu kwa macho ya mchunguzi: vivuli, mizigo, kuku wanaelekea wapi. Dickson akaunganisha, kila picha ikiyeyuka ndani ya nyingine, na hakubishana hata kidogo.

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu, ujumbe ukaingia kwenye simu zote za jumuiya. Koleta alikuwa macho chumbani kwake. Akasikia, ng'ambo ya ukuta, muziki ule mwepesi ukianza kwenye simu ya baba yake. Ukaisha. Ukaanza tena, ukaisha tena.

Kisha sauti ya mzee, ya kukwaruza, ikaanza: malaika wa Bwana alimpasha habari Maria. Ikakatika hapo. Koleta alidhani ameshindwa, halafu akaelewa. Sala ile ina mwenye kuanzisha na mwenye kuitikia, na baba yake, kwa miaka thelathini, hakuwahi kuendelea kabla hajaitikiwa.

Akaitikia, kwa sauti ya kupita ukutani. Na mzee akaendelea.