Ekari Moja ya Mpunga

Nilikuwa bwana shamba wa kijiji cha ujamaa upande wa Misigiri, na siku nikifa, kitakachoniua hakitakuwa malaria. Zitakuwa kamati. Nimekaa kwenye kamati mpaka nimeota sugu. Watu wazima wenye akili timamu, kila mmoja ukimkuta kwake anapima mambo vizuri, wakishakaa pamoja kwenye mabenchi ya darasa wanageuka watu wa neno moja tu: "Yote!"

Mwaka wa kwanza nilifika kwenye kamati na karatasi yangu. Shamba la pamoja lilikuwa ekari arobaini, na agizo la wilaya lilisema mahindi. Mahindi kwenye mchanga ule, na mvua zile! Nikamwambia Mwenyekiti kwamba mahindi yangetuaibisha mchana kweupe. Nilitaka tugawe shamba: ekari ishirini uwele na kumi na tisa mtama, vitu ambavyo watu wa pale wamevila tangu babu zao. Ekari moja iliyobaki niliitaka kule mbugani, kwenye udongo mweusi, tujenge majaruba ya kushikia maji, tujaribu mpunga. Hakuna aliyewahi kulima mpunga kijijini pale. Mpunga ukikubali, tumepata kitu kipya. Ukikataa, tumepoteza ekari moja na jasho, na hakuna atakayelala njaa.

Nilijiona mjanja sana. Basi akasimama mama mwenye nyumba wangu, mjane wa watoto wanne, aliyekuwa mjumbe wa kamati na ndiye aliyenipangisha chumba.

"Bwana Shamba, unasema umetuwekea akiba mbili, uwele na mtama?"

"Ndiyo, mama."

"Kwelea wakija wanakula kipi wanaacha kipi?"

Kwelea ni vile vindege vidogo vinavyotua kwa maelfu. Asubuhi una shamba, jioni una mabua. Wanakula uwele, wanakula mtama, hawachagui.

"Basi hiyo ni akiba moja," akasema. "Punguza mtama, weka viazi vitamu. Ndege hafukui matuta." Kisha akaketi na kuendelea kusuka mkeka wake. Nilikuwa na cheti changu cha chuo cha kilimo sandukuni, nikakiona hakina maana yoyote. Viazi tukaviweka ekari tisa.

Mvua ikanyesha vizuri mwaka ule. Uwele ukaja, mtama ukaja, viazi vikapasua matuta. Na mpunga, jamani! Ekari ile moja ikatoa magunia kumi na nane. Hapo ndipo nilipofanya upumbavu ambao mpaka leo nikiukumbuka najisonya mwenyewe. Wageni walipokuja kutoka wilayani niliwapeleka mbugani moja kwa moja, wakakanyage majaruba, wakashike masuke. Uwele hawakuuona hata kwa mbali. Sikukuu ya wakulima nikasimamia wali upikwe masufuria sita kwa nyama ya mbuzi, kijiji kizima kikala mpaka watoto wakalala palepale walipokaa. Uwele uliowalisha miezi tisa haukupigiwa hata kigelegele. Nani apigie ugali kigelegele?

Nikaja kukaa kwenye kamati ya mwaka wa pili. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Ndugu wajumbe, safari hii shamba lote mpunga."

Nilidhani ananitania. Alikuwa mtu mwema, lakini akilipenda jambo analipenda kwa mwili mzima.

"Mwenyekiti, ule ulikuwa wa kujaribia! Mwaka mmoja wa mvua nzuri! Mbuga ikikosa maji inapasuka, mpunga unakaukia tumboni kabla haujatoa suke!"

"Bwana Shamba, wewe ndiye uliyetuletea. Sasa unatuonea wivu?"

Wivu! Nilipandwa na hasira nikagonga dawati, chaki zikaanguka. Haikusaidia kitu. Mikono ikanyooshwa yote isipokuwa wangu na wa mama mwenye nyumba, na mimi wangu haukuhesabiwa kwa sababu sikuwa mjumbe. Kijiji kizima kikashuka mbugani kujenga majaruba, na hata viploti vya nyuma ya nyumba watu wakaviacha bila kupanda. Nikawafundisha kitalu, nikawafundisha kupandikiza, huku nimenuna kama mtoto aliyenyang'anywa muwa.

Mama alikuwa anamaliza zamu yake mbugani, kisha anachukua jembe na watoto wake na kupotelea njia ya mahame, kule alikoishi kabla watu hawajahamishiwa kijijini. Kurudi mahame kulikatazwa, na mimi ndiye niliyetakiwa kuandika majina ya wanaorudi. Siku moja nikamfuata. Nikamkuta kwenye lililokuwa zizi la marehemu mume wake, penye samadi ya miaka, ameotesha uwele, na pembeni kwenye mchanga matuta ya viazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniandika?"

"Nimekuja kukusaidia kupalilia," nikasema, na nikapalilia kwa hasira mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Mvua ilikatika mpunga ukiwa na mimba. Sitaeleza sana. Niliona mbuga ikifunguka nyufa unazoweza kutumbukiza mguu, na Mwenyekiti amechuchumaa kwenye tuta la jaruba anapasua shina moja baada ya jingine kwa kucha, anatafuta suke, halipo. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia. Nikayameza.

Kwelea nao wakaja. Kwa kuwa kijiji kizima hakikuwa na nafaka nyingine, walitua wote kwenye kile kiuwele cha mama na wakakimaliza kwa siku mbili. Viazi vikabaki ardhini. Aliwachimbia watoto wake, akakata vingine vipande na kuvianika, akajaza kilindo, chombo chake cha gome cha kuwekea akiba, mpaka juu. Mimi nilikula kwake na niliona haya kila tonge. Kwingine watu walisubiri lori la unga wa njano wa msaada, na lori lilikuja lilipotaka. Watoto wa jirani walikuwa wanakaa mlangoni kwetu wakati wa chakula, hawaombi, wanakaa tu. Mama aliwapa. Kilindo kikashuka upesi kuliko alivyopanga, ikabidi wanawe wale mara moja kwa siku. Mdogo wa mwisho aliacha kucheza.

Tulifika msimu wa tatu, tumekonda lakini wote tupo. Kamati ikakaa. Mwenyekiti akasimama, mashavu yameingia ndani, akasema kwa unyenyekevu kabisa, "Ndugu wajumbe, tumejifunza. Safari hii shamba lote viazi."

Lo! Nilicheka, na kicheko kile hakikuwa cha furaha. Nikaruka kutoka kwenye benchi, nikawapigia kelele watu walionizidi umri: uwele urudi, mtama kidogo urudi, viazi vikae, na habari za mpunga nisizisikie tena, nisizisikie!

Wakaogopa, wakakubali. Nikaanza kuandika.

"Na ekari ya mbugani?" akauliza mama.

"Mama, mpunga ulitaka kuwaua wanao!"

"Mpunga?" Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga aliyekula kwake mwaka mzima. "Mpunga ulipokuwa ekari moja ulimuua nani?"

Mwenyekiti alikuwa anatazama vidole vyake, vile alivyopasulia mashina.

"Wanangu walikula wali mara moja maishani mwao," akasema. "Andika ekari moja."

Nikaandika.