Nywele za Tima wa Timbwani

Tima binti Hussam alizaliwa Timbwani, akaolewa Timbwani, na kwa miaka thelathini aliuza mbaazi na mahamri mlangoni pake. Lakini alichosifiwa si mbaazi, ni nywele: nyeusi, za kujikunjakunja, ukizivuta zafika kiunoni, ukiziachia zaruka mabegani. Mumewe Mansur, mfanyakazi wa bandarini, alimpaka mafuta ya nazi kila Alhamisi kwa mkono wake. Sisi majirani tulicheka. Tuliona wivu pia, kwa nini niseme uongo.

Mansur alipokufa, Tima alikaa eda. Wifi yake Nadira akamwambia, "Mjane hagusi kitana." Tima akalishika neno hilo miezi minne na siku kumi. Alikoga, akajimwagia maji kichwani, akazifunga leso zingali mbichi, akazilalia.

Siku aliyotoka eda aliniita. Kitana changu wakijua wote, kwa kuwa nimesuka vichwa vya Timbwani tangu ada ya feri ikilipwa kwa sumni. Nilifungua leso. Nywele zilikuwa zimeshikana kama makumbi ya nazi.

"Zinyoe, wifi," akasema Nadira. "Zitaota nyengine."

Tima akanishika mkono. "Bi Mwanakombo, nisinyolewe. Hizi Mansur amezishika."

"Basi keti," nikamwambia. "Utakaa mpaka makalio yafe ganzi."

Nikazigawa mafungu manne, mawili mbele, mawili nyuma, kwa vidole, taratibu, pale zilipokubali kuachana. Matatu nikayabana kando. Nikaanza nyuma, kushoto. Nywele kavu za namna hii hukatika, kwa hivyo nililirowesha fungu, nikalipaka kondishna mpaka likateleza. Kisha vidole peke yake. Fundo halivutwi, latanuliwa pembeni, unywele mmoja mmoja, mpaka lilegee. Ndipo nikashika kitana cha meno mapana, nikaanzia nchani, nikipanda kidogo kidogo kuelekea kwenye shina, na mkono wa pili umezibana nywele juu ya fundo ili ngozi isivutwe. Lililokwisha nikalisokota na kulibana, lisirudi kushikana na wenzake.

Gazeti mapajani mwangu likajaa nywele. Nadira akachungulia. "Wallahi umemnyonyoa kama kuku wa kitoweo!"

Tima akaanza kulia.

"Tazama hapa," nikamwonyesha Tima. "Unywele mrefu, na mwishoni una kitone cheupe. Huo ni mzizi. Umetoka wenyewe siku nyingi, ukanaswa humu ndani. Uliokatika huwa kipande kifupi, hauna kitone. Vipande viko vingapi hapa?"

Akatafuta kwa kidole. "Viwili."

"Basi nyamaza. Na wewe Nadira, nenda ukapike."

Kwa siku mbili tulimaliza mafungu matatu. Likabaki la nyuma kulia, upande aliokuwa akiulalia. Hilo lilikuwa donge moja, gumu, mfano wa kidaka cha nazi. Siku ya tatu nikaliingia kwa ncha za vidole, nikaligawa mawili, kisha manne. Lilikuwa lakubali. Shingo yake ilikuwa yauma, mgongo wangu mimi wasema yake, na katika kuchoka huko, na kiburi changu cha kujua, nikasema nisiloulizwa.

"Na yote haya hayakuwa na lazima. Mjane hujizuia na mapambo, manukato, hina. Kufundua nywele kwa kitana cha meno mapana si pambo. Mwalimu wetu wa darasa la wanawake alitusomesha zamani."

Kichwa kikatulia mikononi mwangu.

"Ningeweza kuchana?"

"Ungeweza."

"Basi hata hili sikumfanyia Mansur." Alisema polepole, kama mtu ahesabuye vyombo vilivyovunjika. "Kuzika nilizuiwa, kaburi sijaliona. Hili nilidhani nimemfanyia."

Nadira alikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

Tima akasimama. Fungu la nne lilikuwa nusu. "Acha, Bi Mwanakombo. Ahsante." Akajifunga leso juu ya yote.

"Siku moja tu, mwanangu. Yamebaki mafundo ya kufungua kwa kidole."

"Acha."

Wiki ile binti yake Sumeya akamchukua kwake Kiembeni, maana nyumba ya Timbwani ilikuwa ya ndugu za Mansur. Nilimwachia Sumeya maagizo yote: maji, kondishna, vidole, kutoka nchani. Alinisikiliza vizuri. Lakini kichwa ni cha mwenyewe.

Nilikwenda baada ya miezi miwili. Tima alikuwa kitandani, ameelekea ukutani. Sumeya akaniambia kando, "Hanipi ruhusa. Nikimgusa anaomba nimwache."

Nikaketi ukingoni, nikatelezesha vidole chini ya leso. Mafungu matatu niliyoyafundua yalikuwa yamejishikiza kwa lile la nne. Donge moja, kutoka sikio hadi sikio.

"Bi Mwanakombo," akasema, hakugeuka.

"Labeka."

"Toa mkono."

Nikautoa.