Injini Niliyoikana

Kwa miaka mitatu nilikana kwamba gari langu lilikuwa limebadilishwa injini. "Orijino, vile ilivyoshuka melini," niliwaambia watu, hasa mume wa dada yangu, ambaye kila Jumapili alilizunguka gari langu kama daktari wa mifugo anayetafuta ugonjwa. Ukweli ni kwamba injini ya kwanza ilifia mikononi mwangu. Nilisahau kuitilia maji. Nikanunua nyingine iliyotumika Japani kwenye duka la spea mjini, fundi mmoja wa mtaa wa Rhonda akaifunga, nami nikarudi nyumbani Milimani kimya kama mtu aliyebadilisha dini.

Ningezikwa na siri hiyo kama si Februari ya 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi.

Mama alikuwa Molo, peke yake. Majirani walikuwa wameondoka mmoja mmoja. Barabara ilipitika mchana, lakini hakuna aliyejua ingebaki wazi mpaka lini, na watu wenye magari hawakutaka kwenda upande huo. Nilimwahidi Mama kumchukua kesho yake asubuhi. Nikatoka kujaza mafuta, na kabla ya kufika kituo cha petroli, hapo mtaa wa Free Area, injini ikazimika. Haikukohoa wala kutoa moshi. Nilipopiga stata ikazunguka kwa wepesi wa kutisha, kama pedali za baiskeli iliyochomoka mnyororo.

Vijana walinisukuma hadi gereji ya karibu. Nani alikuwa ameketi pale juu ya tairi? Shemeji. Gari lake lilikuwa wazi mbele, linangoja cheni mpya ya injini.

Fundi wa gereji hiyo alifungua kifuniko cha plastiki ubavuni mwa injini yangu, akavuta kipande cha mpira wenye meno yaliyolika.

"Belti ya taiming imekatika. Umepiga stata mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema. Zilikuwa nne.

"Si nilikuambia, shemeji?" akadakia shemeji. "Nunua gari ya cheni! Cheni ni chuma, inakaa ndani ya oili, haikatiki ovyo kama mpira."

"Na yako imekuja hapa kusalimia nani, mzee?" fundi akamuuliza. "Hukubadilisha oili, cheni imelegea mpaka inalia kama sufuria. Ikiruka meno, hasara ni ile ile."

Kisha akanieleza kwa ngumi zake mbili, moja ikishuka, nyingine ikipanda. Katika injini ya modeli yangu, alisema, valvu na pistoni hutumia nafasi moja kwa zamu, na belti ndiyo hupanga zamu hizo. Ikikatika, valvu zinasimama zilipo, nyingine zikiwa wazi, huku pistoni ikiendelea kupanda. Ngumi zikagongana.

"Valvu zimepinda. Tunatoa kichwa cha injini. Wiki moja, kama spea zitatoka Nairobi."

Wiki! Mama alikuwa amenipigia asubuhi kuuliza kama abebe kuku. Nilienda mpaka getini, nikarudi, nikaenda tena.

"Pole," shemeji akasema. "Orijino ndiyo hiyo sasa."

Ningependa kuandika kwamba sikusita. Nilisita, nikafika getini tena na kurudi.

"Injini si yake," nikasema.

"Si ya nani?" Shemeji alisimama kabisa.

"Si ya hili gari. Ilibadilishwa."

Fundi aliinama, akapangusa grisi kwa kitambaa. "Ala! Ndio maana hii mauntini inayoshika injini imechomelewa. Mimi nilidhani umegonga mtu." Akanigeukia, akaniita mama kwa lugha ya vijana. "Mathe, ungesema mapema. Hii kuna aina ambayo pistoni hata ikifika juu kabisa haifikii valvu iliyo wazi. Hiyo ikikatika belti inazima tu. Lakini kuna nyingine ya kugongana, na kwa nje zinafanana. Siwezi kukuapia."

Angefunga belti mpya akilinganisha alama, azungushe injini polepole kwa spana, akisikiliza kama kuna kinachokwama. Kisha apime mgandamizo wa kila silinda. Valvu iliyopinda haizibi, hewa hutoroka, geji husema.

Nyumbani sikuweza kukaa. Niliosha vyombo safi. Nilikunja blanketi za Mama, nikazikunjua, nikazikunja upya. Nilianza kuandika ujumbe wa kumwambia asingoje, nikaufuta. Nje jua lilikuwa linashuka.

Simu ikalia. Fundi hakusalimia.

"Mathe, silinda zote nne zinasukuma sawa. Sikiza."

Nikasikia mngurumo wa injini yangu, ile isiyo yake, na nyuma yake sauti ya shemeji akipiga kelele: "Mwambie kesho naenda na yeye! Nataka kupanda hiyo orijino!"

Nikamwambia fundi amjulishe kwamba kuku watakaa mapajani mwake.